Hesabu Iliyo Ndani ya Mabano: Jinsi Prosesa Inavyoipata Data

Programu inayojumlisha orodha ya fedha, ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine, mara nyingi huwa na mstari mmoja unaobeba kazi yote. Katika prosesa za x86-64, ambazo zimo kwenye kompyuta nyingi za mezani na mpakato, mstari huo huandikwa hivi:

```
add rax, [rbx+rcx*8]
```

Neno `add` ni amri ya kujumlisha. `rax`, `rbx` na `rcx` ni rejista, yaani vihifadhi vichache vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe, kila kimoja kikibeba namba moja. Kilichobaki ni mabano, na hapo ndipo kuna jambo la kueleza. Prosesa hujumlisha na kuzidisha yaliyomo ndani ya mabano, ikapata namba moja. Namba hiyo ndiyo anwani ya mwisho: mahali hasa kwenye kumbukumbu ambapo data itachukuliwa. Mabano yakikosekana, hakuna safari ya kwenda kwenye kumbukumbu.

Tuchukue kikundi cha kuweka akiba chenye wanachama watano. Michango yao ya mwezi imehifadhiwa kwenye kumbukumbu kuanzia anwani 4000, kila mchango ukichukua baiti 8. Anwani za kweli huwa ndefu zaidi, lakini hizi fupi zinaturahisishia hesabu.

```
4000: 15000
4008: 20000
4016: 12000
4024: 50000
4032: 18000
```

Tuseme `rbx` ina namba 4000. Sasa tazama amri tatu zinazokaribiana sana kwa sura. Ya kwanza ni `mov rax, 4000`. Namba imeandikwa ndani ya amri yenyewe, kwa hiyo prosesa inaipata papo hapo pamoja na amri. Hakuna anwani ya kutafuta, na `rax` inapata 4000. Ya pili ni `mov rax, rbx`. Hapa namba inatoka kwenye rejista. Bado hatujagusa kumbukumbu, na `rax` inapata 4000 vilevile. Ya tatu ni `mov rax, [rbx]`. Mabano yametokea, basi kilichomo ndani ya `rbx` kinakuwa anwani. Prosesa inakwenda 4000, inachukua kilichopo, na `rax` inapata 15000. Njia hii ya tatu ni ya kupitia kielekezi: rejista haibebi data, inabeba mahali data ilipo.

Kosa la kusahau mabano ni la kawaida kwa wanaoanza kuandika lugha ya mashine, na lina dalili yake. Programu haianguki. Inatoa jibu, ila jibu lenyewe ni anwani badala ya fedha. Katika mifumo ya uendeshaji ya leo programu hupangiwa sehemu tofauti za kumbukumbu kila inapoanzishwa, ili kuwazuia wavamizi wasibahatishe anwani. Kwa hiyo ukiona jumla kubwa isiyo na maana, nayo inabadilika kila unapoendesha programu ingawa michango ni ileile, tafuta kwanza mahali ambapo mabano yamesahauliwa.

Njia hizi tatu zina uzito tofauti. Namba iliyo ndani ya amri au ndani ya rejista inapatikana karibu bila kusubiri. Data ya kwenye kumbukumbu, hata ikiwa imeshaletwa kwenye ghala dogo lililo karibu zaidi na kiini cha prosesa, huchukua kama mapigo manne au matano ya saa ya prosesa. Ikibidi ifuatwe kwenye kumbukumbu kuu, mapigo hufika mia mbili au zaidi. Ndiyo maana vigeuzi, zile programu zinazogeuza maandishi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine, hujitahidi kuziweka kwenye rejista namba zinazotumika mara kwa mara.

Turudi kwenye jumla ya michango. Kielekezi peke yake kinatufikisha kwa mwanachama wa kwanza tu, nasi tunataka wote watano. Kipande kizima cha kuwajumlisha ni hiki:

```
      mov rax, 0
      mov rcx, 0
tena: add rax, [rbx+rcx*8]
      inc rcx
      cmp rcx, 5
      jne tena
```

Rejista `rcx` ndiyo faharasa: inaanza na 0 na kuongezeka kwa moja kila mzunguko. Faharasa ikiwa 0, anwani ya mwisho ni 4000 + 0×8, yaani 4000. Ikiwa 1, ni 4008. Ikiwa 3, ni 4000 + 3×8, yaani 4024, kwenye ule mchango wa 50000. Faharasa ikifika 5, mzunguko unasimama, na `rax` ina 115000. Amri yenyewe haikubadilika hata herufi moja katika mizunguko yote mitano. Kilichobadilika ni rejista tu.

Wahandisi wa mwanzo hawakuwa na nafasi hiyo. Amri zao zilibeba anwani moja isiyohama, na ili kupita kwenye orodha, programu ililazimika kujiandika upya: ichukue amri yake yenyewe kama namba, iiongezee moja, iirudishe mahali pake, kisha iitekeleze. Kosa moja katika hesabu hiyo liliiharibu programu ikiwa kazini. Ufumbuzi ulitoka Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, katika kompyuta iliyoitwa Manchester Mark 1, iliyofanya kazi mwaka 1949. Timu ya Frederic Williams na Tom Kilburn iliiongezea kihifadhi cha pembeni ambacho namba yake iliweza kujumlishwa na anwani ya amri kabla ya amri kutekelezwa. Waliviita vihifadhi hivyo mistari ya B, kwa kuwa herufi A ilikuwa ya kihifadhi cha majibu na C ilikuwa ya udhibiti. Faharasa ya leo inatokana na wazo hilohilo: acha amri ibaki ilivyo, hamisha namba iliyo pembeni yake.

Kuzidisha kwa 8 kulikuja baadaye. Prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoleta katika ukoo huu uwezo wa kuzidisha faharasa ndani ya mabano, lakini kwa namba nne tu: 1, 2, 4 na 8. Sababu ni nafasi. Ndani ya amri, kizidishi kimetengewa biti mbili, na biti mbili zinatosha kutofautisha mambo manne. Simu nyingi hutumia prosesa za ukoo wa ARM, na huko utaratibu ni mkali zaidi. Amri ya kujumlisha hairuhusiwi kugusa kumbukumbu, ni lazima data ipakiwe kwanza kwenye rejista. Hata hivyo hesabu ya anwani ni ileile, isipokuwa mara 8 huandikwa kama kusogeza biti tatu kushoto.

Sasa kikundi kimekua na mhazini anataka kumbukumbu kamili. Kila mwanachama ana namba yake ya uanachama, mchango na mkopo, kila kimoja baiti 8. Mwanachama mmoja anachukua baiti 24: namba iko mwanzoni kabisa, mchango uko baiti 8 mbele, na mkopo uko baiti 16 mbele. Orodha inaanza tena kwenye 4000, kwa hiyo mwanachama wa tatu anaanzia 4000 + 2×24, yaani 4048. `rbx` ikiwa na 4048, mkopo wake unasomwa hivi:

```
mov rax, [rbx+16]
```

Anwani ya mwisho ni 4048 + 16 = 4064. Rejista ndiyo msingi, na 16 ni umbali kutoka kwenye msingi huo. Inafanana na faharasa, lakini kilichogeuka ni wakati ambapo kila namba inajulikana. Umbali wa 16 unajulikana tangu programu inapogeuzwa, kwa sababu mkopo hukaa nafasi ileile kwa kila mwanachama, na ndiyo maana unachapwa ndani ya amri. Mwanachama yupi anashughulikiwa hujulikana programu ikiwa kazini, na ndiyo maana msingi unakaa kwenye rejista. Katika faharasa ni kinyume: orodha imetulia, na kinachosogea ni nafasi ndani yake. Umbali huo unaweza pia kuwa hasi. Vigezo vya muda vya kazi ndogo ndani ya programu mara nyingi husomwa kwa `[rbp-8]` au `[rbp-16]`. Ukiwa kati ya -128 na 127 unatosha kwenye baiti moja ya amri. Ukizidi hapo, unachukua baiti nne.

Tatizo linalobaki ni kizidishi. Baiti 24 si 1, 2, 4 wala 8, kwa hiyo `rcx*24` haikubaliki. Vigeuzi hulitatua kwa namna ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote katika mada hii:

```
lea rdx, [rcx+rcx*2]
mov rax, [rbx+rdx*8+16]
```

Amri `lea` hupiga hesabu ya mabano lakini haiendi kwenye kumbukumbu. Inarudisha anwani yenyewe kama jibu. Hapa imetumika kuzidisha kwa 3. Rudisha `rbx` kwenye 4000, na `rcx` iwe 2 kwa mwanachama wa tatu. `rdx` inapata 2 + 2×2, yaani 6. Kisha anwani ya mwisho ni 4000 + 6×8 + 16. Ni 4064, mkopo uleule tuliousoma awali. Msingi, faharasa na umbali vimekutana ndani ya mabano mamoja.

Hesabu hii ikikosewa, prosesa hailalamiki yenyewe. Chukua ile orodha ya kwanza, na mwandishi aandike `cmp rcx, 6` badala ya 5. Mzunguko wa sita utakwenda 4000 + 5×8, yaani 4040, mahali ambapo hapakuwekwa mchango wowote. Wengi hutarajia programu ianguke, lakini kwa kawaida haianguki. Mfumo wa uendeshaji hugawa kumbukumbu kwa kurasa, aghalabu za baiti 4096, na 4040 iko ndani ya ukurasa uleule uliokwisha kuruhusiwa. Chochote kilichopo hapo kinaingizwa kwenye jumla kimyakimya. Programu husimamishwa tu anwani inapoangukia ukurasa ambao haikupewa, na kwenye Linux utaona maneno `Segmentation fault`. Kuanguka huko ni nafuu, maana angalau unajua pa kuanzia. Jumla iliyopotoka kidogo inaweza kupita hadi kwenye taarifa ya mwaka.

Ukiwa na kompyuta ya Linux, `objdump -d -M intel` ikifuatiwa na jina la programu yako itakuonyesha mabano yote yaliyomo. Isimamishe programu kwenye amri unayoishuku ukitumia `gdb`, kisha uliza:

```
p/d $rbx+$rcx*8
x/5gd $rbx
```

Mstari wa kwanza unakupa anwani ya mwisho, wa pili unaonyesha namba tano zilizopangwa kuanzia msingi. Ipige hesabu hiyo kwa mkono kabla ya kubonyeza, halafu ulinganishe.