Maneno ya Fundi Mbele ya Kamera

Kampuni nyingi siku hizi hutengeneza video kwa kuwatumia wafanyakazi wake wenyewe. Fundi anaonyesha namna ya kufunga mtungi wa gesi, karani anaeleza jinsi ya kulipia bili, muuguzi anamwelekeza mgonjwa pa kuanzia. Uamuzi huo una sababu, kwa kuwa mtazamaji humwamini haraka mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku. Tatizo huja pale mtu huyo anapopewa karatasi. Kutwa nzima huwaeleza wateja bila kukwama, lakini akisimama mbele ya kamera sauti yake inageuka kuwa ya mtu anayemsomea mgeni rasmi risala. Wenzake husema anaogopa kamera. Hofu ipo, ila mimi ninayeandika skripti za video hizi nimeona kuwa mara nyingi shida iko kwenye sentensi aliyopewa.

Mwigizaji amefundishwa kuyachukua maneno ya mtu mwingine na kuyafanya yake. Fundi hakufundishwa hivyo, wala hakuajiriwa kwa ajili hiyo. Ukimpa sentensi ambayo asingeisema mwenyewe, anakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuikumbuka na kuieleza. Ya kukumbuka ndiyo inayoshinda. Utaiona kwenye macho, yanayopanda juu kutafuta neno, na kwenye mikono, inayolala ubavuni ilhali siku zote huongea pamoja naye. Utaisikia pia kwenye pumzi, anapopumua katikati ya wazo kwa sababu tu mstari wa karatasi uliishia hapo.

Chukua mfano wa video ya dakika moja na nusu kuhusu usalama wa gesi ya kupikia. Ofisi ya kampuni ilikuwa imemwandikia fundi wake hivi: “Mteja anashauriwa kuhakikisha kuwa ukaguzi wa uvujaji wa gesi unafanyika kwa kutumia maji ya sabuni kabla ya uwashaji wa jiko.” Kwa sarufi, sentensi hiyo haina kosa. Lakini hakuna fundi aliyewahi kumwambia mtu maneno hayo akiwa jikoni kwake.

Kazi ya kuandika upya haikuanza na kalamu. Nilikaa na fundi pembeni ya stoo, simu ikiwa inarekodi, nikamwambia, “Fundi, fanya kama mimi ndiyo kwanza nanunua mtungi. Umeshanifungia. Nikitaka kuwasha, nifanye nini?” Swali la namna hiyo linafanya kazi kwa sababu linamweka mtu anayesemeshwa mbele yake. Ningemwomba anieleze utaratibu wa usalama, angenijibu kwa lugha ya kikao. Badala yake alisema:

“Usiwashe kwanza, dada. Chukua sabuni, koroga na maji mpaka itoe povu. Paka pale regyuleta ilipoingia, halafu shuka na mpira mpaka kwenye jiko. Ukiona mapovu yanavimba, ujue hapo panavuja. Funga, fungua madirisha, tupigie.”

Nayaandika mazungumzo kama yalivyotoka, pamoja na “yaani” zake, kisha nayaweka kando ya skripti ya ofisi. Hapo tofauti huonekana wazi. Karatasi imejaa vitenzi vilivyogeuzwa kuwa majina: ukaguzi, uvujaji, uwashaji. Fundi anakagua, gesi inavuja, mteja anawasha. Kwenye karatasi kazi “inafanyika” na hajulikani anayeifanya. Fundi anasema “chukua”, “paka”, “funga”. Karatasi inamtaja mteja kama mtu asiyekuwepo, wakati fundi anaongea naye uso kwa uso. Tena karatasi imeweka mwishoni jambo linalotangulia, yaani kutowasha jiko, ilhali fundi ameanza nalo, kwa kuwa ndilo analolihofia.

Baada ya hapo ni kupunguza. Naondoa marudio, ila neno moja moja la kuungia, kama “halafu” au “sasa”, nalibakiza, maana ndipo anapopatia nafasi ya kufikiri. Sentensi isiyoweza kusemwa kwa pumzi moja naikata mara mbili. Lahaja yake siigusi: mtu wa Tanga asemeshwe Kitanga. Kisha namsomea, naye ana haki ya kufuta neno lolote asilotaka wakwe zake wamsikie akilisema.

Njia hii ina hatari yake. Mtu anayeijua kazi huruka hatua ambazo kwake ziko wazi. Yale maneno ya fundi yalipopelekwa kwa mkuu wa usalama, pengo likaonekana: fundi hakusema kwamba mtungi lazima ufunguliwe ndipo upake povu, huku vitufe vya jiko vikiwa vimefungwa. Mteja akipaka povu wakati mtungi umefungwa, anaweza asione chochote, akawasha akiamini yuko salama. Kwa hiyo kila mstari ulioandikwa upya unarudi kwa anayewajibika na ukweli wake kabla ya kamera kuwashwa.

Lakini kuziba pengo kwa sentensi ya ofisini kungeturudisha tulikotoka. Nilimrudia fundi na swali jingine: “Wakati napaka, mtungi umefungwa au umefunguliwa?” Akashangaa. “Lazima ufungue! Ukiwa umefungwa utaona povu gani? Jiko ndilo unaliacha limezimwa.” Jibu hilo liliingia kwenye skripti karibu lilivyo, na likawa na nguvu kuliko tahadhari yoyote ambayo ningeiandika.

Yapo maneno yasiyobadilika: jina kamili la kampuni, tangazo la kisheria, namba ya dharura. Hayo fundi asibebeshwe. Yaandikwe kwenye skrini au yasomwe na msimulizi.

Siku ya kurekodi, fundi hashiki karatasi. Anayemuuliza anakaa kando ya kamera, naye anamjibu huyo. Maelezo yanagawanywa vipande vitatu au vinne, na mhariri hufunika maungio kwa picha za karibu za povu, mpira na regyuleta. Mikononi anapewa brashi na kopo la sabuni. Waliotengeneza “Night Mail”, filamu ya idara ya posta ya Uingereza ya mwaka 1936, waliijua faida ya kuishughulisha mikono. Waliwatumia wafanyakazi halisi wa posta, wakajenga behewa la kuchambulia barua ndani ya studio, na watu wale wakaongea huku wakipanga barua kama kawaida yao.

Pamoja na hayo yote, bado kuna mahali atakwama. Akiteleza mara moja, ni bahati mbaya. Akiteleza mara tatu kwenye neno lilelile, neno hilo si lake. Kumwambia “tulia, rudia” kunamwongezea woga tu. Muulize angelisemaje mwenyewe, kisha badilisha skripti palepale.

Kikwazo cha mwisho huwa mezani kwa meneja, anayeilinganisha video na karatasi aliyoisaini na kuona kila sentensi imebadilika. Dawa yake ni kumpa kitu kingine cha kusaini tangu mwanzo: orodha fupi ya mambo ambayo lazima yasikike. Kwa video ile yalikuwa matano: usiwashe kwanza, fungua mtungi huku vitufe vya jiko vikiwa vimefungwa, paka povu kwenye maungio na mpira, mapovu yakivimba funga mtungi na ufungue madirisha, piga simu. Meneja anahakiki kama yote matano yamo na kama ni sahihi. Namna ya kuyasema anamwachia fundi.