Wa Kwanza Akikataa Kazi, Wewe Ujibuje?

Wengi wetu tulioko Maskati, Doha au London tumewahi kupokea ujumbe wa sauti wa namna hii kutoka nyumbani. Mdogo wako alifanya usaili, wiki tatu zikapita kimya, akajua nafasi imempita. Leo wakala wa ajira amempigia simu: nafasi ni yake, kama bado anaitaka. Katika mazungumzo inajulikana kwamba aliyechaguliwa kwanza amekataa. Nasi, kwa uchungu wa ndugu, humwambia asiokote kilichoachwa na mwenziwe. Ushauri huo ni mbaya.

Baada ya usaili mwajiri huyapanga majina. Anayepigiwa wa pili ni mtu aliyekwisha kuonekana anafaa, la sivyo nafasi ingetangazwa upya. Cha kuangalia ni kwa nini mwenzako alikataa. Pengine kazi yake ya zamani imemwongeza mshahara, na hilo halikuhusu. Lakini pengine aliona jambo kwenye mkataba ambalo wewe bado hujaliona.

Tuchukue mfano wa binti wa Mtongwe, Likoni, keshia wa duka moja Kisauni kwa shilingi 28,000 kwa mwezi. Aliomba ukarani wa nyaraka katika yadi ya kontena Changamwe, na sasa ameambiwa kwa simu kwamba atalipwa 38,000. Jibu lake la kwanza liwe fupi: anashukuru, bado ana nia, na anaomba barua ya ajira aisome ili ajibu kesho kabla ya saa sita mchana. Asiulize mwenziwe alikataa kwa nini. Wakala hatasema, au atasema la kupendeza tu. Aulize kuhusu kazi yenyewe, na sababu itajitokeza humo humo.

La kwanza, mkataba ni wa nani? Wafanyakazi wengine wa yadi huajiriwa na wakala, si na kampuni yenye yadi, na mkataba wa wakala unaweza kuwa wa miezi michache tu. La pili ni zamu. Kazi ikianza saa kumi na mbili alfajiri, mtu wa Mtongwe anatakiwa awe ameshavuka feri na kupata matatu ya Changamwe kukiwa bado giza. La tatu, hizo 38,000 ni kabla ya makato au baada? Na posho ya nyumba imo ndani? Bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5. Hayo mawili peke yake yanaondoa shilingi 1,615, kabla ya hifadhi ya jamii na kodi ya mapato.

Tuseme zamu kweli ni za alfajiri. Hapo ana haki ya kuomba nyongeza, mara moja, kwa sababu inayoonekana. Mwajiri ameshapoteza wiki kadhaa na kazi inamngoja, kwa hiyo atasikiliza. Lakini huenda kuna jina la tatu kwenye orodha, basi ombi lisiwe sharti. Anaweza kuandika hivi:

“Nashukuru kwa barua ya ajira, nimeisoma na kazi naitaka. Kwa kuwa zamu inaanza saa kumi na mbili alfajiri nami natoka Likoni, naomba mshahara uwe 42,000, au iwekwe posho ya usafiri. Naweza kuanza baada ya kumaliza notisi yangu ya mwezi mmoja.”

Ujumbe huo hautaji wa kwanza wala wa pili. Wakijibu kwamba mshahara haubadiliki, aamue kwa hizo 38,000, asirudie ombi.

Hatari kubwa iko kwenye kujiuzulu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Lakini akiwa kwenye kipindi cha majaribio, ambacho kinaweza kufika miezi sita, anaweza kuachishwa kwa notisi ya siku saba, au kwa malipo ya siku hizo saba. Kwa hiyo anaacha kazi aliyoizoea kwa kazi yenye kinga ndogo mwanzoni. Asipeleke notisi Kisauni kwa neno la simu, hata wakala akimharakisha vipi. Angoje barua yenye jina la mwajiri, mshahara na tarehe ya kuanza, iliyotiwa saini na pande zote mbili. Na wakala akidai ada ili “nafasi isipotee”, asimtumie hata senti, kisha aulize Mamlaka ya Taifa ya Ajira kama wakala huyo amesajiliwa.

Ndugu yako akikupigia na habari kama hii, usimuulize amekuwa wa ngapi. Muulize kama barua imefika, na mwambie akutumie picha ya kila ukurasa muisome pamoja kabla hajatia saini.