Salamu za Idd kwa mteja: shukuru, usiuze

Mwezi ukiandama tu, simu zetu huanza kulia. Duka la nguo, duka la simu, hoteli ya biriani, wote wanatutakia Idd njema, na mstari wa pili wanatutajia bei. Mteja huufuta ujumbe kabla hajaumaliza. Kosa si kumsalimu bali ni kumwomba pesa ndani ya salamu.

Tuchukue mfano wa muuza duka wa Garissa, anayeleta mchele na unga kwa lori kutoka Nairobi. Aprili 2024 Mto Tana ulifurika, na barabara ikafungwa na maji pale Mororo, kama ilivyokuwa Novemba 2023. Bidhaa zilikwama upande wa Madogo. Wapo wateja waliohama wakanunua kwingine, na wapo waliongoja. Juni ilipofika na Idd ya kuchinja, muuza duka huyu alikuwa na jambo la kweli la kushukuru. Angeweza kuandika hivi:

"Mama Halima, Idd njema. Maji yalipofunga njia Mororo ulingoja mchele wako siku nne bila lawama. Sijasahau. Mungu awape heri nyumbani. Abdi wa dukani"

Tazama kinachoifanya hii iwe shukrani. Kwanza, imetaja tendo moja ambalo mama huyu alilitenda mwenyewe, na lisingeweza kupelekwa kwa mtu mwingine. Maneno kama "wateja wetu wapendwa" hayamgusi yeyote, kwa kuwa yanamfaa kila mtu. Pili, mwenye kusema ni mtu mwenye jina, si kampuni. Tatu, hakuna bei, hakuna namba ya kulipia, wala "karibu tena". Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, maana huonekana ni adabu tu. Lakini ukimkaribisha mtu dukani umeshamwomba kitu. Jipime hivi: je, baada ya kusoma, mteja ana la kufanya? Kama lipo, hilo ni tangazo.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi katika maduka yetu, nao ni daftari la deni. Mteja mwaminifu aghalabu ndiye anayekopa. Mwenye deni akipata salamu kutoka dukani, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba anadaiwa kwa njia ya mzunguko. Kwa hiyo usimwandikie salamu wiki ileile uliyomdai. Huyo msalimu kwa mdomo mkikutana, au umpelekee mtoto wake peremende, na deni lisitajwe kabisa hadi sikukuu ipite.

Pitia pia majina moja moja kabla ya kutuma. Aliyefiwa hatakiwi kupokea shangwe. Huyo anahitaji pole. Mwalimu au mtumishi wa serikali aliye Mkristo msubirie Krismasi yake. Na kwa kuwa sote twajua mabishano ya mwezi, usiandike tarehe ya Idd wala usitume mapema. Ngoja mwezi utangazwe, kisha sema "Idd njema" tu, ili aliyefungua leo na atakayefungua kesho wote iwafae.

Ujumbe ule wa juu haufiki herufi 160, nafasi zikihesabiwa, kwa hiyo unaenda kama ujumbe mmoja wa simu. Ukitia kijipicha cha mwezi au maua, kikomo kinashuka hadi herufi 70, na maneno yaleyale yatahesabiwa kama ujumbe tatu. Kwa wanaotumia WhatsApp, orodha ya kutuma kwa wengi humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Usiwakusanye wateja katika kundi moja, kwani kila mmoja ataziona namba za wenziwe.

Na namba zenyewe umezipata wapi? Mtu aliyekulipa kwa M-Pesa mara moja hakukupa ruhusa ya kumwandikia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya habari zake kutumiwa kwa biashara. Waandikie wale waliokupa namba wenyewe na mnaojuana.

Kazi hii haifai kwa watu mia tano. Muuza duka mmoja anaweza kuwakumbuka kwa tendo watu ishirini, labda thelathini. Waliobaki watosheke na salamu ya mdomo pale mezani. Na mteja akijibu "Nawe pia, mchele upo?", mrudishie kwanza salamu yake na umuulize habari za watoto. Bei ya mchele iseme baadaye, kwa kuwa sasa ni yeye aliyeuliza.