Dakika ishirini na moja kati ya mia na ishirini

Wanafunzi wengi wanaoandika barua ya kueleza kwa nini walikosa kipindi cha mtandaoni hawajui kwamba mhadhiri tayari ana karatasi mkononi. Darasa la Zoom likimalizika, mwenye darasa anaweza kutoa ripoti inayoonyesha kila aliyeingia, saa aliyoingia, saa aliyotoka na dakika alizokaa. Aliyedondoka akarudi huonekana kwenye mistari miwili, na aliyedondoka akarudi mara nne huonekana kwenye mitano. Google Meet na Teams nazo zina ripoti zao, kutegemea aina ya akaunti ambayo chuo kimelipia.

Kwa hiyo barua inayosema tu "mtandao ulisumbua" haimwambii mhadhiri jambo jipya. Inamwachia kazi ya kukisia, na mtu mwenye wanafunzi mia na zaidi hukisia haraka. Vyuo vingi vina sharti la mahudhurio kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani, na robo tatu ya vipindi ni kiwango kinachosikika mara nyingi. Hapo ndipo dakika zinapogeuka kuwa jambo la kuandikiana barua.

Tuchukue tukio linalokumbukwa na wengi. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilianguka sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nape Nnauye, waziri aliyekuwa na dhamana ya mawasiliano wakati huo, aliwaeleza wananchi kwamba tatizo lilikuwa kwenye nyaya kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jumatatu watu waliamka na simu zenye minara iliyojaa na kurasa zisizofunguka.

Hilo la minara ndilo linalowachanganya wengi, na ndilo linaloiponza barua. Vile vijiti vinavyopanda na kushuka juu ya kioo cha simu hupima mawasiliano kati ya simu yako na mnara ulio jirani, basi. Havisemi lolote kuhusu njia inayotoka kwenye mnara kwenda Dar es Salaam, wala ile inayotoka Dar es Salaam kwenda nje ya nchi. Mhadhiri anaweza kuwa Dar na mwanafunzi Ifakara, lakini sauti zao zikapitia mitambo iliyo nje ya nchi kabla ya kukutana. Njia ya baharini ikikatika, simu ya kawaida inapiga na ujumbe mfupi unafika, kwa sababu hizo huzunguka ndani ya mitandao ya nchini. Darasa ndilo linaloganda. Data inayobaki hubanana kwenye nyaya chache zilizosalia, ndiyo maana siku ile watu waliingia, wakatoka, wakaingia tena, na hawakukatika moja kwa moja.

Mnara ukizima kwa sababu umeme umekatika na betri zake zimekwisha, dalili huwa tofauti: hata kupiga simu hakuwezekani, na wa mtaa mzima wanaotumia mtandao huo wako vilevile. Bando likiisha, kampuni hukutumia ujumbe wa kukuarifu, na ujumbe huo una saa yake. Mwanafunzi aliyeishiwa bando akaandika kwamba mtandao ulikatika amejiweka pabaya bila sababu, maana wenzake watatu wa mtaa uleule walikaa darasani mpaka mwisho. Afadhali aseme bando liliisha. Wahadhiri nao hununua bando.

Sasa tuwazie mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma Kiswahili, yuko kwao Ifakara, na ana kipindi cha fonolojia Jumatatu ile jioni. Nimechagua Kiswahili makusudi, kwa kuwa kwenye kozi nyingine nyingi barua kama hii huandikwa kwa Kiingereza, ingawa mifupa yake haibadiliki. Hii hapa ya kwake, aliyoituma kwa barua pepe Jumanne asubuhi:

"Ndugu Mhadhiri,

Yah: Kutokamilisha kipindi cha Fonolojia ya Kiswahili, Jumatatu 13 Mei 2024

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kozi yako. Jina na namba yangu ya usajili viko chini ya barua hii. Kipindi cha jana kilikuwa cha saa 11:00 jioni hadi saa 1:00 usiku. Nilikihudhuria kwa dakika 21 tu.

Niliingia saa 11:04 kwa jina langu nikakatika saa 11:19. Nilizima kamera na kujaribu tena bila mafanikio. Saa 11:31 niliingia kwa simu ya kaka yangu yenye laini ya kampuni nyingine, hivyo kwenye orodha nitaonekana kama TECNO SPARK 10. Nako nilikatika saa 11:37 na sikuweza kurudi. Bando lilikuwepo kwenye simu zote mbili, na simu za kawaida zilikuwa zinapigika. Saa 12:05 nilimtumia kiongozi wa darasa ujumbe mfupi kumweleza.

Nilisikia mwanzo wa sehemu ya silabi. Sikuisikia sehemu ya mkazo wala maelekezo ya zoezi la kikundi.

Naomba kiungo cha rekodi ya kipindi, kama ipo. Pia naomba kuwasilisha sehemu yangu ya zoezi kabla ya Ijumaa tarehe 17 Mei, saa 10:00 jioni. Nimeambatisha picha mbili za skrini na nakala ya ujumbe niliomtumia kiongozi wa darasa.

Natanguliza shukrani."

Barua inaishia hapo. Haina habari ya homa, ya msiba wala ya shamba, na haina sentensi tatu za kujidhalilisha. Kitu cha kwanza ambacho mhadhiri atakifanya ni kufungua ripoti na kutafuta jina. Atakuta mstari wa dakika 15. Ule wa dakika 6 asingeupata kamwe kama asingeambiwa habari ya TECNO, na huu ni ugonjwa wa kila darasa la mtandaoni: simu ikiingia bila mtu kuandika jina lake, orodha hujaa majina ya viwandani. Baadhi ya "watoro" wa siku nyingine ni watu waliokuwa ndani muda wote wakiitwa kwa jina la simu. Ukiazima simu, badilisha jina kabla ya kuingia, na kama mtandao haukukupa nafasi hiyo, liseme kwenye barua.

Saa nazo zina mtego wake. Ripoti huandika 17:19 au 5:19, na pengine akaunti ya chuo imewekwa kwenye majira ya nchi nyingine, hivyo tofauti ya saa kadhaa isikutishe. Kinacholinganishwa ni urefu wa muda na mpangilio wa kudondoka. Usikadirie kwa kichwa: angalia saa ya ujumbe uliomtumia mwenzako, au saa iliyo juu ya picha ya skrini. Tena Zoom huweza kumhesabu mtu yuko ndani kwa muda kidogo baada ya picha kuganda, kwa hiyo barua yako ikipishana na ripoti kwa dakika moja au mbili, hakuna atakayekuita mwongo.

Jambo la pili lenye uzito ni ile laini ya kampuni nyingine. Mtu akisema laini yake iligoma, mhadhiri atajiuliza kwa nini hakuazima. Laini mbili za kampuni mbili zikigoma ndani ya nusu saa, huku simu za kawaida zikipigika, kosa limeshatoka nyumbani kwa mwanafunzi na limeshavuka mnara. Kwa siku ya tarehe 13 Mei hili halikuhitaji ushahidi mkubwa, maana mhadhiri mwenyewe huenda alikuwa anakatika. Lakini siku ya kawaida, ambayo tatizo liko Ifakara peke yake, sentensi hiyo ndiyo itakayobeba barua nzima.

Na ile ya kuzima kamera si pambo. Zoom wenyewe huweka mahitaji ya sauti pekee kwenye kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 36 kwa saa nzima. Video ya kawaida ya kilobiti 600 kwa sekunde hula karibu megabaiti 270 kwa saa hiyohiyo. Mtandao uliobanwa unaweza kupitisha sauti na kushindwa na sura. Aliyekatika akiwa amewasha kamera anaweza kuulizwa swali, na aliyekwisha kuizima amejibu kabla ya kuulizwa.

Picha za skrini mbili zinatosha. Moja ionyeshe ujumbe wa kushindwa kuunganishwa pamoja na saa iliyo juu ya kioo, nyingine salio la bando. Nimeona watu wakiambatisha kumi na moja, na nakiri kwamba ya tatu ikishapita macho huanza kuchoka. Ushahidi mzuri kuliko picha ni ujumbe uliotumwa wakati tatizo linaendelea, kwa sababu hakuna anayeweza kuutunga kesho yake. Ndiyo maana ujumbe mfupi wa simu una thamani kuliko wa WhatsApp siku kama ile: wa WhatsApp unategemea intaneti ileile iliyoanguka.

Barua pepe yenyewe ni nyepesi, hivyo huweza kupita hata pale darasa lisipopita. Tatizo ni viambatisho. Picha mbili kubwa zinaweza kuifanya ikwame kwenye kisanduku cha zinazosubiri kutumwa, na mwanafunzi akalala akidhani imefika. Siku ya mtandao mbovu, tuma maandishi kwanza na picha zifuate.

Kuhusu heshima, kila njia ina taratibu zake. Ukimwandikia mhadhiri kwenye simu, "Shikamoo Dokta" inakaa vizuri, na kuanza moja kwa moja na ombi ni utovu wa adabu. Kwenye barua rasmi shikamoo haina mahali, na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" imezoeleka mno ofisini kiasi kwamba hakuna atakayekulaumu ukiiandika, ila inakula mstari ambao ungeweza kubeba saa na tarehe.

Ombi lenyewe ndilo ambalo wengi hulikosea. Kuandika "naomba unifikirie" ni kumwachia mhadhiri atafute la kufanya, naye akiwa na kazi nyingi huenda asilitafute. Rekodi anaweza kuitoa kwa kubofya mara moja. Zoezi la kuwasilisha Ijumaa anaweza kulikubali kwa neno moja. Alama za chemshabongo lililofanyika ndani ya kipindi ni habari nyingine: hizo huingia kwenye tathmini endelevu, na mara nyingi mhadhiri hana uwezo wa kuzirudisha peke yake. Hapo barua hupitishwa kwa mkuu wa idara, nakala ikabaki kwa mhadhiri, na inatakiwa kwenda mapema, kabla alama za muhula hazijapelekwa kwenye kikao cha idara.

Jibu likichelewa, subiri siku mbili tatu za kazi, kisha mkumbushe kwa kujibu barua ileile, ili saa zako na picha zako zibaki chini ya ukumbusho wako.