Kitufe Kimoja, Hatua 128

Anayechanganya wimbo kwa kipanya hushika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akipunguza mvumo kwenye sauti ya mwimbaji, hawezi kugusa riverbu mpaka aachie kwanza alichoshika, na muda wote huo macho yanafuata namba kwenye skrini wakati kazi yenyewe ni ya masikio. Dawa mara nyingi ipo mezani tayari. Kibodi ndogo kama Akai MPK Mini, ambayo wengi huinunua kwa kupigia biti, ina vitufe 8 vya kuzungusha na pedi 8, na vyote vinaweza kuunganishwa na plagini.

Katika programu ya Ableton Live, kuunganisha ni kazi ya muda mfupi. Kwanza, kwenye mipangilio ya MIDI, safu ya Remote iwashwe kwa kibodi hiyo. Bila hivyo programu haitajali kitufe hata kikizungushwa namna gani. Kisha hubonyezwa Ctrl+M, au Cmd+M kwa wenye Mac, sehemu zinazoweza kuunganishwa zinabadilika rangi, mtu anabofya anayoitaka na kuzungusha kitufe. Plagini iliyonunuliwa kwingine huenda isionyeshe sehemu zake zote. Hapo hubofywa neno Configure, kisha inaguswa sehemu inayotakiwa kwenye dirisha la plagini yenyewe ili ijitokeze.

Wengi huishia hapo, na baada ya siku chache hurudi kwenye kipanya wakilalamika kwamba vitufe havina usahihi. Wana haki. MIDI, mfumo uliotoka mwaka 1983, hutuma mwendo wa kitufe cha kawaida kwa namba kuanzia 0 hadi 127. Kitufe kikizungushwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kina hatua 128 tu, hakuna zaidi.

Tuseme ikwalaiza inaanzia hetzi 20 hadi 20,000. Hizo ni karibu oktavi 10. Zikigawanywa kwa hatua hizo, kila hatua inaruka karibu nusu-toni nzima, sawa na kutoka ufunguo mmoja wa piano hadi wa jirani yake. Fundi anayetafuta mahali hasa penye mvumo hupapita tu.

Suluhisho ni kuubana uwanja. Live ikiwa bado kwenye hali ya kuunganisha, orodha ya miunganisho huonyesha Min na Max kwa kila kitufe. Mvumo mzito wa sauti ya mtu mara nyingi hukaa kati ya hetzi 200 na 500, basi hizo ndizo ziandikwe. Kitufe kilekile sasa kinasogea kwa takriban sehemu ya nane ya nusu-toni kila hatua. Kitufe cha pili, cha kupunguza mvumo huo, kipewe desibeli -6 hadi 0 badala ya uwanja mzima wa EQ Eight, ambao ni -15 hadi 15. Hapo mikono miwili hufanya kazi pamoja: mmoja unatafuta mahali, mwingine unapima kiasi, na macho yanaweza kufumbwa.

Tatizo la pili ni mruko. Kitufe kimesimama chini kabisa, riverbu kwenye skrini iko juu. Kikiguswa tu, riverbu inaporomoka ghafla. Kwenye mipangilio ya MIDI, Takeover Mode ikiwekwa Pick-Up, kitufe hakifanyi kitu mpaka kipite palipo thamani ya sasa. Kwa hiyo kitufe kinachoonekana kimekufa huenda kinasubiri tu kufikishwa hapo.

Pedi zinafaa zaidi kwa kuwasha na kuzima. Pedi inayotuma noti ikiunganishwa na swichi ya ikwalaiza, kila pigo hubadili hali, na fundi husikia papo hapo wimbo ukiwa na ikwalaiza na bila ikwalaiza. Lakini sikio huvutwa na chenye sauti kubwa. Ikwalaiza iliyopunguza desibeli kadhaa itaonekana mbaya kwa sababu tu sauti imeshuka, hivyo kiwango cha kutokea kifidiwe kwanza ndipo pedi ipigwe. Pia, noti iliyokwisha kuunganishwa haifiki tena kwenye ala. Ngoma iliyokuwa ikilia kwa pedi hiyo itanyamaza. Heri kutumia kundi la pili la pedi, Bank B, kwa kazi hii.

Miunganisho hii huhifadhiwa ndani ya faili la wimbo huo, haihamii kwenye wimbo mwingine. Anayetaka kuikuta kila mara aihifadhi katika faili la kiolezo, lenye ikwalaiza, kompresa na riverbu tayari mahali pake.