Mtoto mwenye kisukari aliyeacha kurefuka: sababu ni nini, na anawezaje kuanza tena kukua

Mtoto wako ana kisukari aina ya kwanza na anachoma sindano za insulini. Haugui sana, anakwenda shule, lakini sare aliyoshonewa miaka miwili iliyopita bado inamtosha. Mdogo wake amemfikia kwa urefu. Wenzake darasani wameanza kubalehe, yeye bado anaonekana mtoto wa darasa la tatu. Majirani wanasema "ndivyo alivyo, ukoo wenu ni wafupi". Inawezekana ni kweli. Lakini kwa mtoto mwenye kisukari, kuacha kurefuka mara nyingi ni dalili kwamba insulini anayopata haitoshi, na hali hiyo hurekebishika ikigundulika mapema.

Kwa nini sukari ikipanda urefu unasimama?

Insulini ndiyo inayofungua njia ili sukari iliyo kwenye damu iingie ndani ya misuli na viungo vingine na kutumika. Isipotosha, mambo mawili hutokea kwa pamoja.

La kwanza ni kwamba chakula kinapotea. Sukari ikizidi sana kwenye damu, figo huimwaga kwenye mkojo. Kila gramu moja ya sukari ina kalori 4. Mtoto anayepoteza gramu 150 kwa siku anapoteza kalori 600, sawa na mlo mzima. Ndiyo maana unaweza kumpa ugali, maharage na perege wa Ziwa Babati hadi ashibe, na bado asinenepe wala kurefuka.

La pili halionekani kwa macho. Ubongo hutoa homoni ya ukuaji, lakini homoni hiyo hairefushi mifupa peke yake. Hupitia kwenye ini, na ini ndilo linalotengeneza kichocheo kingine kiitwacho IGF-1, kinachofanya kazi kubwa katika kukuza mifupa. Ili ini lipokee ujumbe huo, linahitaji insulini ya kutosha. Insulini ikipungua, ubongo unaweza kumwaga homoni ya ukuaji kwa wingi, lakini ini haliitikii. Tena homoni hiyo ikizidi hufanya insulini kidogo iliyopo ifanye kazi vibaya zaidi, na sukari inazidi kupanda.

Kubalehe nako huchelewa kwa sababu kama hizo. Mwili unaokosa nishati huahirisha kazi ambayo si ya kuokoa maisha.

Hali mbaya zaidi ina jina lake

Mwaka 1930 daktari Mfaransa Pierre Mauriac alieleza hali ya mtoto mwenye kisukari aliyekuwa mfupi mno na mwenye ini kubwa. Leo hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Mauriac. Mtoto anakuwa mfupi, tumbo limejaa upande wa kulia chini ya mbavu, uso ni wa mviringo, na kubalehe kumechelewa. Ini huvimba kwa sababu limejaa glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa. Hutokea zaidi kwa mtoto ambaye sukari yake hupanda sana, kisha hupewa insulini nyingi kwa mkupuo, kisha hupanda tena. Katika nchi ambako insulini inapatikana kwa urahisi, hali hii imekuwa adimu. Huku kwetu, ambako sindano moja inaweza kurukwa kwa sababu ya nauli au chakula, bado ni jambo la kuliangalia.

Tumbo la namna hii huweza kudhaniwa kuwa ni minyoo au utapiamlo. Ukiliona kwa mtoto mwenye kisukari, mwombe daktari alishike na kulipima ini.

Utajuaje kama mtoto wako anakua vizuri?

Mpime urefu kila baada ya miezi mitatu. Asimame bila viatu, visigino vimegusa ukuta, macho yanatazama mbele. Weka kitabu bapa juu ya kichwa, chora mstari, kisha pima kwa futi kamba na uandike tarehe.

Kuanzia miaka minne hadi kabla ya kubalehe, mtoto hurefuka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akirefuka chini ya sentimita 4 kwa mwaka mzima, mpeleke kliniki na hayo maandishi yako. Kuhusu kubalehe, msichana ambaye hajaanza kuota matiti akifikisha miaka 13, au mvulana ambaye korodani zake hazijaanza kukua akifikisha miaka 14, anahitaji kuchunguzwa. Msichana asiyepata hedhi hadi miaka 15 naye achunguzwe.

Kliniki watampima pia HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Lengo kwa watoto wengi ni chini ya asilimia 7. Akiwa juu ya asilimia 10 kwa muda mrefu, ukuaji wake uko hatarini. Kipimo cha asubuhi moja kwenye mashine ya nyumbani hakiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na sukari nzuri siku ya kliniki tu.

Mfano: msichana wa miaka 13

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana anaishi kijiji kimoja nje ya mji wa Babati. Ana miaka 13, kilo 26 na sentimita 133. Mwaka jana alikuwa sentimita 131, kwa hiyo amerefuka sentimita 2 tu. Matiti hayajaanza. HbA1c ni asilimia 13. Anatumia insulini mchanganyiko, ile yenye ukungu, na kadi yake inasema yuniti 14 asubuhi na 7 jioni.

Kwenye karatasi kipimo hicho ni sahihi. Mtoto ambaye hajaanza kubalehe kwa kawaida huhitaji kati ya yuniti 0.7 na 1 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 26 mara 0.8 ni karibu yuniti 21. Theluthi mbili huchomwa asubuhi, ambayo ni 14, na theluthi moja jioni, ambayo ni 7.

Muuguzi anamuuliza mama taratibu, bila kumlaumu: jioni mnachoma saa ngapi? Mama anaeleza kwamba siku ambazo chakula cha usiku hakina uhakika hawachomi, kwa kuogopa sukari isije ikashuka mtoto akiwa amelala. Siku hizo ni nyingi. Kwa hiyo mtoto anaishi kwa yuniti 14 tu, na usiku mzima, wakati ambao homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi, ini halina insulini ya kutosha.

Muuguzi anaomba aoneshwe anapochoma. Kwenye paja la kulia kuna uvimbe laini. Mtoto amekuwa akichoma hapo kila siku kwa sababu hapaumi. Insulini ikichomwa kwenye uvimbe kama huo huingia mwilini ovyo: leo kidogo, kesho nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza dawa, wanarekebisha mambo matatu. Sindano ya jioni inachomwa kila siku, na siku ambayo chakula ni kidogo kipimo kinapunguzwa kama kliniki ilivyoelekeza, lakini hairukwi. Sehemu ya kuchoma inabadilishwa kila mara kati ya mapaja, tumbo na makalio. Na chupa inazungushwa polepole viganjani mpaka ukungu ulingane, bila kutikiswa.

Daktari anachunguza pia sababu nyingine za kudumaa, kama vile tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, kifua kikuu, VVU na upungufu wa lishe. Kisukari hakimkingi mtoto na magonjwa mengine.

Ukuaji unarudi kwa hatua

Uzito huanza kupanda ndani ya wiki chache, kwa sababu chakula hakipotei tena kwenye mkojo. Ini hupungua kadiri wiki na miezi inavyopita. Urefu huja nyuma yake. Mtoto wa mfano wetu, HbA1c yake ikishuka hadi asilimia 8.5, anaweza kurefuka sentimita 7 au 8 katika mwaka unaofuata, na matiti yakaanza.

Hapo familia nyingi hushtuka, kwa sababu sukari huanza kupanda tena ingawa hawajabadilisha chochote. Homoni za kubalehe hupunguza nguvu ya insulini, na mtoto mwenyewe ameongezeka uzito. Akiwa na kilo 33 anaweza kuhitaji yuniti 36 kwa siku au zaidi. Kipimo kilichomtosha mwaka jana sasa ni kidogo, na asipoongezewa atasimama tena kukua. Rudi kliniki kila baada ya miezi mitatu ili kipimo kifuate mwili wake.

Mambo mawili ya kuangalia

Usiongeze dozi wewe mwenyewe kwa haraka ili "afidie". Sukari iliyokuwa juu kwa miaka hushushwa taratibu. Ikishushwa ghafla, matatizo ya macho ambayo yalikuwepo yanaweza kuzidi kwa muda, kwa hiyo omba apimwe macho.

Jifunze pia kushughulikia sukari iliyoshuka, kwa sababu hofu hiyo ndiyo inayofanya sindano za usiku zirukwe. Mtoto akitetemeka, akitoka jasho au akichanganyikiwa, au mashine ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, mpe vijiko vidogo viwili au vitatu vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, kisha mpe chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe kitu. Mpake asali au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Ukichelewa itakuwaje?

Mifupa mirefu ina sehemu laini karibu na ncha zake ambako urefu huongezeka. Kubalehe kukiisha, sehemu hizo hufunga, na baada ya hapo insulini haiwezi kurudisha sentimita zilizopotea. Picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono humwonyesha daktari nafasi iliyobaki. Jambo la kutia moyo ni kwamba kwa mtoto aliyechelewa kubalehe, sehemu hizo mara nyingi bado ziko wazi. Kijana wa miaka 15 anayeonekana wa 11 anaweza kuwa bado ana miaka ya kukua.

Kwa miaka mingi Chama cha Kisukari Tanzania kimekuwa kikisaidia watoto kupata insulini kupitia kliniki za hospitali. Ukifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara au hospitali iliyo karibu nawe, uliza kliniki ya kisukari ya watoto ni siku gani na kama insulini inatolewa bila malipo. Beba kadi, mashine ya kupimia sukari, chupa ya insulini anayotumia, na ile karatasi uliyoandika urefu wake. Mwonyeshe daktari karatasi hiyo kwanza.