Zena Huungua Mzigo Ukipumzika

Ukitaka kuendesha saketi ndogo ya volti 5 kwa betri ya gari, vipuri viwili vinatosha: rezista na dayodi ya zena. Rezista hutangulia kwenye njia ya umeme, kisha zena hufungwa kinyumenyume, sambamba na mzigo. Zena aina ya 1N4733A hushikilia takriban volti 5.1, na mkondo wowote ambao mzigo hauuchukui huumeza yenyewe.

Tuseme betri hushuka hadi volti 11 ikichoka, na hupanda hadi 15 injini inapoichaji. Mzigo wetu hula kati ya 0 na miliampia 30.

Rezista huchaguliwa kwa hali ya njaa: betri iko chini na mzigo unakula kwa ukamilifu wake. Hapo zena nayo ibakiwe na kama miliampia 10, la sivyo itaacha kushikilia volteji. Rezista basi ipitishe miliampia 40: (11 − 5.1) ÷ 0.040 ni omu 147.5. Dukani tutachukua ya 150.

Sasa geuza hali. Betri iko volti 15, na mzigo umechomolewa. Rezista inapitisha 9.9 ÷ 150, yaani miliampia 66, na zote zinaiangukia zena. Joto lake ni 5.1 × 0.066, karibu wati 0.34. Tukidhani rezista na zena zote zimepungua kwa asilimia 5, mkondo hufika miliampia 71 na joto wati 0.35. Zena hii ya wati 1 inahimili; ya nusu wati, ndani ya boksi lenye joto, ingekuwa mashakani. Rezista nayo hutoa wati 0.65, kwa hiyo ile ya robo wati itaungua. Weka ya wati 2.

Hata hivyo, volti 5.1 hazitulii kabisa, kwa sababu zena ina ukinzani wake wa ndani, kama omu 7 kwenye miliampia 49. Betri ikipanda volti 1, mzigo huonja 7 ÷ 157 tu ya ongezeko hilo, takriban milivolti 45. Kutoka volti 11 hadi 15, tofauti ni kama volti 0.18. Mzigo ukitoka 0 hadi miliampia 30, volteji hushuka kwa kama volti 0.2. Mkondo wa zena ukipungua sana, ukinzani huo huongezeka, na mtikisiko huwa mkubwa kuliko hesabu hii.

Ukipima kwenye mzigo ukakuta volti 3.5, usikimbilie kuilaumu zena. Pima volteji ya rezista betri ikiwa volti 11: utapata 7.5, ambazo ukizigawa kwa 150 ni miliampia 50. Mzigo unakula zote, na zena imelala njaa.